Dizeli yenye tabo inapiga filimbi na haina nguvu: tafuta upepo unaovuja kabla ya kuihukumu tabo

Anayepanda mlima Kitonga kutoka Morogoro kwenda Iringa huijua vizuri hali ya injini yake. Kona ni kali, malori yamebanana mbele, na gari lisilo na nguvu hujianika hapo hapo. Mteja mmoja aliniletea Prado yenye injini ya 1KD, ile dizeli ya lita 3.0 iliyojaa kwenye barabara zetu, akaniambia: "Fundi, hili gari linapiga kelele kama king'ora cha polisi, moshi mweusi unafunika walioko nyuma, na Kitonga nimepandia gia ya kwanza. Wameniambia tabo imekufa, niagize nyingine."

Nitaieleza kazi hii kwa kulifuata gari hilo, kwa kuwa lilikuwa na ubovu wa aina mbili kwa pamoja, na mpangilio wa kuutafuta ndio uliomwokoa mteja asinunue kitu ambacho kingeharibika tena baada ya wiki mbili.

Njia ya upepo

Upepo huingia kupitia eya klina na kupita kwenye sensa inayopima kiasi chake, kisha hufika kwenye feni ya mbele ya tabo. Feni hiyo inazungushwa na shafti, na upande wa pili wa shafti kuna feni nyingine inayosukumwa na moshi wa ekzosi. Upepo uliobanwa hutoka kwenye tabo ukiwa wa moto, unapita kwenye mpira hadi intakula ili upoe, unapita mpira mwingine, halafu unaingia kwenye manifodi ya injini. Kwenye Prado hii intakula imelala juu ya injini, kwa hiyo mipira ni mifupi na unaifikia ukishaondoa mfuniko wa plastiki.

Mahali popote kati ya tabo na manifodi pakitoboka, upepo unatoka nje. Sensa imeshauhesabu upepo huo kana kwamba umeingia kwenye injini, hivyo kompyuta inaruhusu dizeli inayolingana nao. Dizeli inakuwa nyingi na hewa haitoshi, na hapo ndipo unapozaliwa moshi mweusi. Kwenye tabo za aina hii, zenye mapezi yanayojifungua na kujifunga upande wa moshi, kompyuta ikiona shinikizo halifiki inayabana mapezi ili tabo izunguke kwa kasi zaidi kufidia. Ndiyo maana tundu dogo kwenye mpira linaweza kuifanya tabo nzima ipige kelele kama mbovu. Ukiliacha hivyo kwa miezi, tabo inaweza kuharibika kweli kwa kukimbizwa kupita kiasi.

Sikiliza kwanza

Tabo nzima ina filimbi yake laini, hasa dirisha likiwa wazi karibu na ukuta. Hiyo si shida. Unachotafuta ni sauti iliyobadilika.

Simamisha gari, weka gia huru, na umwambie mwenzako apandishe mzunguko polepole hadi 2,500 huku wewe ukisikiliza pembeni ya boneti. Usiingize mkono karibu na feni wala mikanda. Kama unasikia king'ora chembamba kinachopanda na kushuka pamoja na mzunguko hata gari likiwa limesimama, ielekee tabo yenyewe. Kama ukiwa umesimama ni kimya, lakini barabarani ukikanyaga mafuta kwenye mzigo unasikia "fshhhh" nzito inayokatika mara tu unapoachia, elekea kwenye mipira na intakula. Gari lisilo na mzigo halitengenezi shinikizo la maana, kwa hiyo tundu halina cha kupuliza.

Iko sauti ya tatu inayowachanganya wengi: "tik-tik-tik" au "chuf-chuf" asubuhi injini ikiwa ya baridi, inayopungua ikipata moto. Hiyo ni gasketi ya manifodi ya ekzosi au ufa kwenye manifodi yenyewe. Moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye tabo ni nguvu iliyopotea. Piga tochi: masizi meusi kavu kwenye kiungo yatakuonyesha mahali.

Prado yetu ilikuwa na king'ora ikiwa imesimama, na "fshhhh" ikiwa barabarani. Nilijua mapema kwamba huenda kuna mambo mawili.

Soma shinikizo kwenye simu

Kifaa kidogo cha ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kutuma vipimo kwenye simu, na programu kama Torque vinatosha. Kwenye orodha ya vipimo chagua `Intake Manifold Pressure`. Namba hii inajumlisha na hewa ya kawaida ya mazingira, na watu wengi hukosea hapo. Washa swichi bila kuwasha injini, usome. Dar es Salaam utaona takriban 101 kPa. Iringa mjini, kwa sababu ya mwinuko, utaona kama 84. Iandike namba hiyo, kwa sababu shinikizo la tabo ni kile utakachokisoma baadaye ukitoa namba hii.

Nenda kwenye barabara iliyo wazi yenye mwinuko kidogo, injini ikiwa imepata moto. Mtu mwingine ashike simu, dereva asiisome. Funga gia ya tatu, anza na mzunguko wa 1,500, kanyaga mafuta hadi mwisho hadi 3,000, kisha achia. Rudia mara mbili. Kwa 1KD nzima nimezoea kuona namba inapita 200 kwa urahisi. Prado hii ilisoma 84 kabla ya kuwasha, na ilipokanyagwa hadi mwisho ikafika 141 tu. Ukitoa, tabo ilikuwa inaongeza 57 kPa, yaani zaidi kidogo ya nusu baa. Kitonga isingepandika hivyo.

Msimbo wa `P0299` ukiwemo kwenye kumbukumbu, maana yake ni shinikizo la tabo liko chini ya linalotakiwa. Hautaji kitu kilichoharibika. Nimeona watu wakinunua tabo kwa sababu ya msimbo huo peke yake, na kosa likawa klipu iliyolegea.

Kabla ya kufungua chochote, toa chujio la eya klina ulitazame. Likiwa limeziba kwa vumbi, tabo inavuta hewa kwa shida na inapiga filimbi vilevile. Angalia pia chujio la dizeli limebadilishwa lini, maana injini inayonyimwa mafuta nayo inakosa nguvu, ila yenyewe haitoi moshi mweusi.

Kujaza upepo kwenye mfumo

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na kifaa chake unakitengeneza mwenyewe. Tafuta kofia ya bomba la plastiki yenye kipenyo kinachoingia kwenye mpira wa upepo, itoboe katikati, uingize vali ya tairi la tyubulesi na kuibana kwa nati ili isivuje. Unahitaji pia pampu yenye geji, chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, na tochi.

Injini iwe imezimwa na imepoa. Ondoa mpira unaotoka eya klina kwenda kwenye tabo, ufunge kizibo chako moja kwa moja kwenye mdomo wa tabo kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Usikifunge mbali, upande wa eya klina, kwa sababu katikati ya njia hiyo huunganishwa bomba la mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Ukijaza upepo ukiwa nyuma ya bomba hilo, shinikizo linaingia kwenye sampu na linaweza kusukuma sili za injini nje.

Jaza polepole. Anza na psi 5, sikiliza, kisha panda hadi psi 10 au 12. Usizidishe psi 15. Hakuna faida, na kizibo kikichomoka kwa nguvu kinaumiza, kwa hiyo usisimame mbele yake. Shinikizo litashuka lenyewe taratibu hata kwenye mfumo mzima, kwa sababu kuna vali za injini zilizo wazi na upepo unapenya kupitia silinda. Unaweza kuusikia ukipumua kwenye ekzosi au kwenye kifuniko cha oili. Mpumuo mwembamba ni wa kawaida. Ukiusikia kwa nguvu kwenye ekzosi, shuku vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye manifodi, kwamba imekwama wazi kwa masizi. Hiyo nayo inapoteza shinikizo na kuleta moshi mweusi, na inahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Endelea kujaza huku unapuliza sabuni kwenye kila kiungo: mdomo wa kutokea wa tabo, mipira yote kwa juu na kwa chini, mishono ya pembeni ya intakula, kiungo cha manifodi, na kamrija kembamba kinachokwenda kwenye sensa ya shinikizo. Mpira mzuri kwa macho unaweza kuwa umepasuka upande wa chini, na ufa wenyewe haufunguki mpaka upate shinikizo. Upinde kwa mkono, uuminye, upitishe kidole kwa chini. Panapovuja kwa muda mrefu mara nyingi pana utando wa oili na vumbi lililoganda.

Kwenye Prado, povu lilifoka chini ya mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula, sentimita mbili tu kutoka kwenye klipu. Klipu ilikuwa imekazwa kupita kiasi siku za nyuma, ukingo wake ukaukata mpira nusu duara. Kwa juu hukuona kitu. Aliyelitazama gari kabla yangu alitazama kwa juu.

Mpira wa namna hii usiufunge kwa gundi wala kwa kipande cha tyubu. Kwa joto la pale hautamaliza siku. Tafuta mpira wenyewe au wa silikoni wenye tabaka za nguo na kipenyo kilekile, futa oili yote kwenye mdomo wa bomba kwa sababu mpira wenye oili huteleza na kuchomoka, kisha weka klipu mpya nyuma ya ule ukingo ulioinuka.

Baada ya mpira mpya, barabara ileile na gia ileile, namba ilipanda kutoka 141 hadi 190. Moshi mweusi ulikaribia kuisha. Mwenye gari alifurahi, akataka kulipa aondoke. Lakini king'ora kilibaki.

Kupima tabo yenyewe kwa vidole

Injini imezimwa, tabo imepoa, mpira wa kuingizia umeondolewa. Piga tochi kwenye feni. Mapezi yake yawe na ncha safi, zinazolingana. Ncha zilizomung'unyika au zilizolika kama zimepigwa mchanga zinakuambia vumbi limekuwa likipita, kwa hiyo rudi kwenye eya klina ukague boksi na mpira wake. Tazama pia ukuta wa ndani unaozunguka feni. Mchubuko unaong'aa maana yake feni imekuwa ikigusa ukuta, na hapo hakuna tena mjadala.

Kisha shika nati ya katikati ya feni kwa vidole viwili. Itikise juu na chini, kushoto na kulia. Utasikia mchezo mdogo, yaani shafti inasogea kidogo, na wengi huogopa hapa bila sababu. Beringi za tabo nyingi huelea kwenye oili, na injini ikiwa imezimwa oili haipo, kwa hiyo mchezo kidogo wa pembeni ni wa kawaida. Kinachotakiwa ni kwamba, ukiisukuma feni pembeni huku unaizungusha, isiguse ukuta. Rudia upande wa pili.

Sasa ivute mbele na kuisukuma nyuma kwa mstari wa shafti. Mchezo wa huku kwa kawaida hauzidi kama milimita 0.1, kiasi ambacho kidole hakikisikii. Ukisikia "tok-tok", beringi ya kuzuia msukumo imekwisha. Mwisho izungushe feni kwa kidole uiachie: iendelee kidogo kwa ulaini, bila kukwaruza wala kukwama.

Prado ilitoa "tok-tok" iliyo wazi, na pembeni feni iligusa ukuta kwa shida kidogo. Tabo ilikuwa imechoka kweli. Aliyesema tabo imekufa hakukosea kabisa, ila angeifunga mpya kwenye mpira uliopasuka.

Oili peke yake isikupotoshe. Utando mwembamba ndani ya mipira hutokana na ule mvuke wa injini, na karibu kila dizeli ya umri huo inao. Ukikuta oili imetuama kwenye intakula kiasi cha kumiminika, na gari linatoa moshi wa bluu unapokanyaga baada ya kuunguruma muda mrefu bila kukanyagwa, hapo sili za tabo haziwezi kuaminika. Hata hivyo, kagua kwanza bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda kwenye sampu. Likiziba au likipindika, oili inapanda na kuvuja kwenye tabo ambayo haina kosa.

Tabo inayomwaga oili nyingi upande wa upepo usiiendeshe hata kidogo. Dizeli inaweza kuwaka kwa oili hiyo ikakimbia yenyewe, na ukigeuza ufunguo isizimike. Likikutokea kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa na uachie klachi ili izimike. Kwenye gari la otomatiki, kinachoizima ni kuinyima hewa, lakini usizibe mdomo wa kuvutia hewa kwa mkono wala kitambaa, na injini ikishapiga mayowe kaa mbali nayo.

Nini kiliiua?

Hapa ndipo ninapogombana na watu wenye haraka. Tabo ni kipande kinachoishi kwa oili safi yenye shinikizo. Ikifa mapema, kuna kilichoiua, na kitu hicho bado kipo kwenye injini.

Kwenye 1KD nina mahali ninapopaangalia kabla ya kingine. Nozeli zake hukaa juu ya washa za shaba. Washa zikichoka, moshi wa mwako hupenya pembeni ya nozeli na kuingia kwenye oili, unageuka kuwa masizi mazito kama lami, yanashuka kwenye sampu na kuziba chujio la waya ambalo pampu ya oili hunyonya kupitia hapo. Tabo ni miongoni mwa vya kwanza kuumia oili ikipungua. Zinazofuatia ni beringi za krenki, na hapo ni injini nzima. Dalili unaziona ukizijua: taa ya oili inachelewa kuzimika asubuhi, na ndani ya kifuniko cha oili kuna ukoko mweusi.

Mwaga oili, kisha pitisha kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu kupitia tundu la kumwagia. Ukiona vipande vyeusi kwenye chujio, shusha sampu. Ya Prado hii niliishusha: chujio lilikuwa limeziba karibu nusu, vipande vigumu kama makaa. Nilimwita mwenye gari aje aone mwenyewe, kwa sababu gharama ya washa za nozeli na kazi ya sampu haikuwa kwenye hesabu yake. Alitazama, akanyamaza kidogo, akasema: "Fanya yote."

Kufunga tabo nyingine

Tulibadilisha washa za nozeli, tukasafisha sampu na chujio lake, tukaweka oili na filta mpya. Bomba la kupeleka oili kwenye tabo ni jembamba na huziba kwa masizi. Libadilishe, au angalau lipulizwe hadi upepo utoke safi upande wa pili. Intakula ilivuliwa, ikaoshwa oili yote na kukaushwa kabisa. Kama feni imevunjika mapezi, hakikisha hakuna chembe ya chuma iliyobaki humo.

Kwenye viungo vya oili vya tabo tumia gasketi mpya kavu. Silikoni ya gasketi isipakwe huko, kwa kuwa vipande vyake hukatika na kuziba tundu la oili. Kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili safi kwenye tundu la tabo huku unazungusha feni kwa kidole. Halafu zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, ukiwa umechomoa soketi za nozeli, kwa vipindi vya sekunde kumi, mpaka taa ya oili izimike. Ndipo uiwashe, na uiache iungurume dakika tano bila kukanyaga mafuta huku unakagua kila kiungo.

Rudia kipimo cha sabuni kwa psi 10 hata kama una uhakika, maana mipira yote imefunguliwa upya. Sisi tulikuta klipu moja ya intakula inavuja kidogo, tukaikaza.

Barabarani, gia ya tatu, namba ilifika 212. Ukitoa 84 unabaki na 128, zaidi ya mara mbili ya siku ya kwanza. Ilibaki filimbi laini ya tabo nzima, ile ya kusikika dirisha likiwa wazi. Nilimwambia mwenye gari arudi baada ya kilomita 1,000 nimwage tena oili, kwa sababu masizi yaliyoganda ndani ya injini huendelea kubanduka, na kamera ipitishwe tena kwenye tundu la sampu. Alirudi, chujio lilikuwa na vipande vitatu vidogo, vikatolewa.